Anaomba mapumziko, lakini hataki mshenga ajue

*"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Dar. Mchumba wangu nina miaka mitatu naye. Barua ya posa ililetwa kwetu mwezi wa tisa, mahari ikapangwa na nusu yake ikatolewa. Wiki mbili zilizopita, siku tatu kabla ya kikao cha kwanza cha kamati ya harusi, alinitumia ujumbe: 'Naomba tupumzike kidogo nijipange. Usinitafute, nitakutafuta. Nyumbani usiwaambie kwanza.' Nikipiga hapokei. Lakini kila baada ya siku mbili tatu, usiku, ananiandikia 'umekula?' na picha zangu zote anaangalia. Bado ananipenda? Nisubiri? Ukumbi nimeshalipia kianzio."*

Marahaba, mwanangu.

Swali la mapenzi liweke kando kwa leo. Huenda yeye mwenyewe akiulizwa atajibu kuwa anakupenda, na akawa hadanganyi, maana mtu anaweza kukupenda na huku miguu yake iko mlangoni. Mimi nimeusoma ujumbe wake zaidi ya mara tano, na sikuona humo habari za moyo. Nilichokiona ni masharti, na masharti ndiyo yanayosomeka.

Anasema anataka kujipanga. Mtu anayejipanga huwa na kitu cha kupanga: deni, kazi iliyoyumba, mzazi mgonjwa. Yeye hakukitaja. Halafu hakuna tarehe. "Kidogo" ni siku ngapi? Kwetu Tanga watu wanajua kuachana kwa muda kunavyokuwa. Mke akipewa talaka rejea anakaa eda, twahara tatu, na muda wote huo mume anamlisha na kumpa pa kulala. Akitaka kumrejea, anajua mwisho wake ni lini. Hiyo ni talaka, jambo zito kuliko lako, na bado ina hesabu na ina wajibu. Mapumziko uliyoombwa hayana kimojawapo. Saa ameishika yeye na simu ameishika yeye. Kazi uliyoachiwa wewe ni kungoja.

Sentensi iliyonifanya niweke chini kikombe cha chai ni ile ya mwisho, kwamba nyumbani usiwaambie. Posa yenu ina mshenga. Mwanamume aliyekwama kweli na bado anaitaka ndoa, mtu wa kwanza kumfuata ni huyo, kwa sababu kazi ya mshenga ndiyo hiyo hasa: kwenda kwa wakwe na kusema "kijana ameomba muda hadi baada ya mavuno" au "salio la mahari tutalimaliza kwa mafungu". Aibu ya kusogeza tarehe anaibeba mshenga na kijana anapumua. Wako hakutaka kupumua kwa njia hiyo. Kumwambia mshenga kungemlazimu ataje sababu na aseme lini, na vyote viwili hana, au anavyo na hataki visikike. Kwa hiyo siri hiyo haimkingi mzazi wako wala wewe. Inamwachia yeye nafasi ya kurudi bila kuulizwa alikuwa wapi, na akiamua kutorudi, habari itatoka siku atakayoichagua mwenyewe.

Tazama na siku aliyoichagua. Siku tatu kabla ya kamati kukaa. Wewe unajua kamati ikishakaa kinachofuata: mweka hazina anachaguliwa, kadi za michango zinachapwa, wajomba wanaanza kuahidi. Mpaka hapo uchumba ni wa nyumba mbili. Baada ya hapo ni wa ukoo mzima na wa ofisi nzima, na pesa za watu zimo ndani. Mwenye shaka anaweza kukaa na shaka yake miezi minane akiwa kimya, lakini kikao cha kwanza kinamfikisha mahali ambapo ukimya unakuwa ahadi. Ndipo neno "tupumzike" linapotoka. Kwa hiyo usijitafune ukitafuta ulichokosea wiki ile. Sidhani kama jambo hili lilianza wiki ile. Wewe uko siku ya kumi na nne, yeye huenda yuko mwezi wa sita.

Nakuambia hivyo kwa sababu na mimi niliwahi kuomba mapumziko. Nilikuwa na miaka 24, nafundisha shule ya msingi Muheza, na kijana wa watu alikuwa ameshanunua kitanda. Nikamwambia nataka kwanza nimalize masomo. Masomo yalikuwepo kweli, lakini hayakuwa sababu. Moyoni nilikuwa nimekwisha toka tangu Ramadhani, na hapo ilikuwa imepita miezi minne. Kwa nini sikusema? Niliogopa kuwa mimi ndiye mbaya. Niliogopa uso wa mama yake. Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikuikiri hata kwa somo wangu: vipi nikikosea, huko nje nisipate wa kunipenda kama huyu? Mapumziko yalitibu hofu zote tatu kwa mkupuo. Wiki ile ya kwanza nilijiona mwepesi kama niliyetua ndoo. Wepesi ule ulikuwa jibu tosha, lakini sikulipeleka kwa mwenyewe. Nilimwacha angoje miezi saba. Kila baada ya siku kadhaa nikimsalimia, nisikie kama bado yupo. Nikisikia yupo, nalala vizuri.

Ndiyo maana nikisoma "umekula?" ya saa nne usiku, naijua. Haina ubaya ndani yake, na sisemi kwamba anakuchezea. Ni mtu anayepapasa mlango gizani kuona kama umefungwa. Ukijibu "nimekula, wewe je?" ameshapata alichokifuata, na kesho hana haraka ya kuamua lolote. Angalia kwamba swali hilo haliulizi chochote kuhusu jambo lenyewe. Hasemi "nimefikiria", hasemi "tuonane Jumamosi".

Wataalamu nao wameliona hili. Leslie Baxter, mtafiti wa Marekani aliyechunguza miaka ya 1980 namna watu wanavyoachana, alikuta wengi hawaisemi nia yao waziwazi. Njia mojawapo aliyoitaja ni ya mtu kusema anataka kulegeza tu, wakati anachotaka ni kumaliza. Aliwachunguza wanafunzi wa chuo wasio na mshenga wala kamati. Kwetu, penye watu wengi wa kuwakabili, naona kishawishi cha kupita njia hiyo ni kikubwa zaidi.

Sasa upande wa pili, maana sitaki umhukumu kwa kesi yangu. Yako mapumziko yanayoombwa kwa aibu ya pesa, na wewe umeniambia nusu ya mahari bado. Kijana aliyepunguzwa kazini au aliyekopa akashindwa kulipa anaweza kujificha vilevile. Lakini huyo hujificha kwa kila mtu. Simu yake inazimwa hata kwa rafiki zake, mpira haendi kuangalia, nguo zinamlegea. Hana raha ya kukaa anatazama picha zako usiku. Na ukimpata ukamuuliza kinachokosekana, atakitaja, pengine kwa hasira, lakini kitakuwa na ukubwa na umbo: "sina milioni na nusu, na mkataba umeisha mwezi wa kwanza." Aliyefiwa au aliyeelemewa na huzuni isiyoisha naye yuko tofauti. Huyo anahitaji kusindikizwa kwa daktari au kwa watu wake, na kumwacha peke yake kwa jina la mapumziko ni kumzamisha.

Kwa hiyo swali moja ndilo litakalowatenganisha, na ningependa umuulize hilo badala ya "unanipenda?" Muulize: *ili turudi kama tulivyokuwa, nini kinatakiwa kiwe kimebadilika, na tutajuaje?* Mwenye tatizo atajibu kwa kitu. Anayeondoka atajibu kwa hewa: "nahitaji kujitafuta", "tuone itakavyokuwa", "usinibane". Jibu la hewa ukiliuliza mara ya pili linageuka ugomvi, na ugomvi ukija ujue amefurahi kuupata, kwa sababu sasa ana sababu.

Kama kuna mwingine? Inawezekana. Usianze kuchunguza simu za watu wala kutuma mashoga zako wamfuatilie. Awepo asiwepo, masharti aliyokuandikia ni yaleyale, na ndiyo unayoyajibu.

Mtumie ujumbe mmoja mchana, usitume usiku, na usiwe mrefu. Mwambie umekubali mapumziko, ila na wewe una masharti. Kwanza, yana mwisho: taja tarehe, mimi ningetoa wiki tatu. Pili, siku hiyo mnaonana ana kwa ana na atajibu lile swali. Tatu, mpaka siku hiyo hakuna salamu za usiku. Nne, kwenu utawaambia, na mshenga ataambiwa na mmoja wenu kabla ya Ijumaa: akipenda aseme yeye, asipopenda utasema wewe. Hapo ndipo utakapomwona. Anayeitaka ndoa atashtuka na kukimbilia kwa mshenga, hata kama kwa kununa. Anayetaka mlango tu ubaki wazi atakasirikia sharti la nne kuliko yote, atasema umemwaibisha. Ukisikia neno hilo, hizo wiki tatu si lazima uzimalize.

Mama yako mwambie leo. Najua unaona utamvunja moyo, lakini kikao kiliahirishwa, na yeye si mtoto. Pengine ameshahesabu siku zako za kutokula.

Kuhusu ukumbi: piga simu kesho uulize kama kianzio kinahamishika tarehe, na uombe jibu kwa maandishi. Risiti zote, ya ukumbi, ya mshonaji, za chochote ulicholipia kwa ajili ya harusi hii, ziweke pamoja kwenye bahasha moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai gharama alizoingia kwa sababu ya ahadi hiyo. Sikwambii uende mahakamani. Nakwambia bahasha hiyo uwe nayo mezani siku mshenga atakapokaa na baba yako. Na ile nusu ya mahari msiiguse kwanza, ibaki kama ilivyoletwa.