Mpigie kabla gari halijapakiwa

"Wakuu, nina wiki ya tatu kwenye mauzo. Nimekosea kotesheni, mteja ameshatoa LPO na hajagundua. Bosi anasema nitulie. Nimwambie au nisubiri apokee mzigo? Barua pepe inatosha? Na wanaweza kunikata mshahara?"

Bosi wako na wangu sijui walinyonya ziwa moja. "Tulia, akishasaini delivari imekwisha." Maneno hayo hayo! Na mimi nikatulia, nikajiona nimepata mlezi.

Nilikuwa na mwezi mmoja kazini. Nikampa mama mmoja wa jumla bei ya sabuni ya maji, nikitumia orodha niliyoirithi kwenye laptopu ya jamaa aliyeacha kazi. Orodha ilisema katoni ina chupa 24. Kiwanda kilishabadilisha ufungashaji, katoni ina chupa 20 kwa bei ile ile, mimi nikaandika 24 kwenye kotesheni na jina langu chini. Mama akaagiza katoni 600, akijua anapata chupa 14,400. Ghalani zilikuwa zinamsubiri 12,000.

Niligundua Ijumaa jioni, nimepita stoo kuchukua sampuli. Nikafungua katoni, nikahesabu vifuniko kwa kidole: mistari minne, tano tano. Nikarudia mara tatu kama mhazini wa harusi. Hesabu nilifaulu shuleni, msicheke.

Sasa sikiliza ujinga wenyewe, maana si huo. Jumatatu asubuhi nilimpigia. Ndiyo, nilipiga! Nikamwambia, "Mama, kuna mabadiliko kidogo ya ufungashaji, nitakuletea maelezo." Akauliza, "Lakini mzigo ni ule ule, mwanangu?" Nikajibu ni ule ule. Sabuni si ni ile ile? Hivyo ndivyo nilivyojifariji, na bosi akanipiga bega: umeshamtaarifu, umejilinda.

Mchana ule mama akasaini na maduka anayoyasambazia, bei ya chupa moja moja, faida 15 juu ya kila 100. Piga hesabu. Katoni ikishuka kutoka 24 hadi 20 na bei isiguswe, kila chupa imepanda asilimia 20. Aliyodhani anainunua 100 imekuwa 120, na ameshaahidi kuiuza 115. Angekuwa anauza kwa hasara tangu chupa ya kwanza. Kama Jumatatu ningetamka neno "ishirini" tu, asingesaini.

Gari lilipangwa kupakiwa Alhamisi. Jumatano usiku sikulala vizuri, nikampigia alfajiri kabla bosi hajaingia. "Mama, katoni ina chupa 20. Mimi niliandika 24. Kwa katoni 600 utapungukiwa chupa 2,400. Mzigo haujapakiwa." Kimya. Nikasikia anafungua droo, kalkuleta inalia. Kisha: "Jumatatu ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Kosa la kotesheni ningelimeza. Jumatatu nimesaini kwa maneno yako."

Hapo ndipo nilipolia, sioni haya. Lakini hakukata simu, na sababu ni moja: gari lilikuwa bado tupu. Angeweza kupunguza oda, kudai bei mpya au kukataa kabisa. Ngoja nikwambie ingekuwaje kama ningesubiri delivari. Mtu wa stoo anahesabu katoni, hafungui. Karatasi zote zingesema 600, angesaini 600. Upungufu ungejitokeza rafuni kwa wateja wake, wakati kotesheni yenye 24 na jina lako iko kwenye faili lake. Wakati huo hakuna anayekuita mgeni wa kazi. Unaitwa mwizi.

Ili apate chupa zake 14,400 zilihitajika katoni 720. Baada ya vikao viwili kampuni ikabeba 60 bure, yeye akalipia 60. Chupa ikamfikia kwa 110, akabaki na faida ya 5 badala ya 15. Kamisheni yangu ya robo ile ikazikwa hapo. Na yule bosi? Kikaoni akasema ndiyo kwanza anasikia habari hizo. Akanitazama usoni kabisa, na kalamu yangu mkononi mwake.

Kwa hiyo usiandike barua pepe ya "mabadiliko kidogo". Piga simu, taja namba iliyokosewa, taja iliyo sahihi, taja upungufu wake kwa vipande vyote, halafu nyamaza asikie. Barua pepe ifuate baada ya simu, yenye namba hizo hizo. Na muulize moja kwa moja kama ameshauza au kusaini popote. Mimi sikuuliza.

Yule mama bado ananunua kwangu. Kila oda, kabla ya salamu: "Ndani zimo ngapi?" Nami naenda stoo nafungua moja nikiwa naye kwenye simu.

Gari lako linapakiwa lini? Hilo hukuandika.