Ser na Estar: Iache Kanuni ya Kudumu na Kupita

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana wa Wete anayejiandaa kuwa mwongoza watalii wa Kihispania. Swali lake, kuhusu "ser" na "estar", vitenzi viwili vya Kihispania ambavyo kwa Kiswahili vyote ni "kuwa", lilikuwa fupi: "Shikamoo maalim. Tumefundishwa kwamba 'ser' ni ya mambo ya kudumu na 'estar' ni ya mambo ya kupita. Mbona basi Wahispania husema 'está muerto' kwa mtu aliyekufa? Kuna hali gani ya kudumu kuliko mauti?"

Marahaba, mwanangu. Swali hilo nililiuliza na mimi darasani, nikajibiwa kwamba hiyo ni hali ya pekee, nikariri tu. Nilipoongeza kwamba kisiwa nacho hakihami, na bado husemwa "Zanzíbar está en el océano Índico", nikaambiwa ninavuruga somo. Baadaye kampuni moja ya utalii ilikataa kunipa wageni wa Kihispania kwa hoja kwamba mtu ambaye hajaishi Ulaya hawezi kuzijua tofauti za vitenzi hivi viwili. Maneno hayo yaliniuma, na sioni sababu ya kuficha kwamba hadi leo hayajanitoka moyoni. Leo wageni kutoka Seviya na Bogota huniulizia kwa jina wafikapo Mji Mkongwe, na tofauti hizo nilizijua hapa hapa, kwa kuwasikiliza wao huku nikikisikiliza Kiswahili changu. Jambo hili la pili ndilo ambalo hakuna aliyenifundisha, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Kanuni ya kudumu na kupita haifai kwa sababu muda si kipimo cha vitenzi hivi. Ujana hupita, lakini husemwa "es joven", kwa "ser". Uanafunzi hupita, lakini husemwa "soy estudiante", tena kwa "ser". Mauti hayapiti, lakini husemwa "está muerto", kwa "estar". Kinachopimwa ni namna msemaji anavyokitazama kitu. Akisema kitu hicho ni cha namna gani, anakiainisha, na hapo hutumia "ser". Akisema kitu kiko katika hali gani, kwa kawaida hali ambayo kimeingia au amekikuta nayo, hutumia "estar". Wahispania wenyewe wanayo maswali mawili yanayolionyesha hili waziwazi. "¿Cómo es tu madre?" maana yake ni kuuliza mama yako ni mtu wa namna gani, na jibu linaweza kuwa ni mrefu, ni mkarimu, ni mcheshi. "¿Cómo está tu madre?" ni sawa na kuuliza mama hajambo. Hakuna Mzanzibari anayeweza kuyachanganya maswali haya kwa Kiswahili, kwa hiyo hana sababu ya kuyachanganya kwa Kihispania.

Sasa itazame lugha yako. Mtu aliyechoka hatusemi kwamba "ni" kitu fulani, bali husema amechoka: "está cansado". Amekaa: "está sentado". Mlango umefungwa: "la puerta está cerrada". Embe limeiva: "el mango está maduro". Amekufa: "está muerto". Ile "-me-" yetu inasema kwamba jambo limetokea na hali yake ipo mbele yetu, na mara nyingi mahali pake katika Kihispania hukaliwa na "estar". Vivyo hivyo na semi zetu za "yuko", "yupo" na ile "yu" ya wazee: yuko tayari, "está listo", yu hai, "está vivo", yu macho, "está despierto". Hata sifa ya uzuri hufuata njia hiyo. Ukisema Bi harusi ni mzuri, umesema "es guapa", yaani ndivyo alivyoumbwa. Ukisema leo amependeza, umesema "está guapa".

Kipimo hiki kina mipaka yake, na ni lazima uijue kabla ya kukitumia mbele ya wageni. Si kila "-me-" huwa "estar". Basi limefika ni "el autobús ha llegado", na "está llegado" haisemwi kabisa. Hata amekufa inategemea unachosimulia: ukitoa habari ya tukio, kwamba fulani amekufa asubuhi hii, Mhispania wa Madridi atasema "ha muerto esta mañana", na watu wengi wa Amerika ya Kusini watasema "murió esta mañana", ukijibu swali kama yu hai au la, ndipo husema "está muerto". Kwa hiyo jiulize: ninasimulia kilichotokea, au ninaeleza hali ilivyo? Kati ya hayo mawili, ni hali tu inayotaka "estar".

Mpaka wa pili ni mgumu zaidi, nao ni ile "ni" yetu, ambayo sisi huitumia hata kwa hali. Tunasema chumba ni safi, Juma ni mgonjwa, embe hili ni bichi. Mwanafunzi wa Kizanzibari akiona "ni" hukimbilia "es", na hapo ndipo ninapowasikia wengi wakiteleza. Chumba ni safi, kwa maana kwamba kimesafishwa, ni "está limpia". Juma ni mgonjwa ni "está enfermo". Dawa yake ni kuibadilisha sentensi kichwani kabla ya kuifasiri: je, naweza kusema kimesafishwa, anaumwa, halijaiva? Ikiwa naweza bila kupoteza maana niliyoikusudia, nachagua "estar".

Chukua mfano wa embe, ambao hunikuta karibu kila msimu ninapowatembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Kizimbani. Mgeni hushika embe lenye ngozi ya kijani na kuuliza kama linalika. Ziko sentensi mbili zinazofanana sana, lakini majibu yake hayakutani. "Este mango está verde" maana yake ni kwamba embe hili bado bichi, na mgeni atalirudisha alipolitoa. "Este mango es verde" maana yake ni kwamba rangi yake ni ya kijani, basi, na juu ya kuiva kwake hujasema neno. Kwa kuwa zipo aina za maembe ambazo ngozi yake hubaki kijani hata zikiiva, sentensi ninayoihitaji mara nyingi ni hii: "Es verde, pero está maduro." Rangi ni maumbile ya aina ile, kuiva ni hali iliyofikiwa. Ukiielewa sentensi hiyo moja, umekwisha kuuelewa moyo wa jambo lote. Tahadhari moja tu: sifa hii ikihamishiwa kwa mtu, "está verde" ni mtu ambaye bado hajapevuka katika kazi yake, ilhali mzee akiitwa "un viejo verde" amesemwa kwamba ni mtu mzima asiye na haya mbele ya wanawake.

Sifa zinazobadili maana ni nyingi, na wanaozipanga katika jedwali refu wanamchosha mwanafunzi bure. Mwongoza watalii aanze na zile zitakazomtoka mdomoni kila siku. "¿Están listos?" ni kuwauliza wageni kama wako tayari, "son listos" ni kusema kwamba ni werevu. "Estoy aburrido" ni kwamba mimi nimechoshwa. "Soy aburrido" ni kwamba mimi ni mtu wa kuchosha wenzangu, na hakuna mgeni atakayemlipa mwongozaji anayejitangaza hivyo. Angalia kwamba maana hizi hazikuzuka ovyo. Kila mara upande wa "ser" unamwainisha mtu, na upande wa "estar" unaeleza alivyo wakati huo.

"Bueno" nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa imewaaibisha watu ninaowaheshimu. Mtu akiwa "es bueno" ni mwema. Chakula kikiwa "está bueno" au "está rico" kimekolea, na maneno hayo yanapendeza sana kuyasikia kutoka kwa mgeni anayekula pweza pale Forodhani. Kwa chakula utasikia pia "el pulpo es rico", yaani pweza kwa jumla ni chakula kitamu, bila kumhusu yule aliye kwenye sahani. Lakini mtu akisemwa "está bueno" au "está buena", mara nyingi kinachosifiwa ni mwili wake, kwa namna ya matamanio. Nimemsikia mwenzetu akiulizwa "¿Cómo estás?" naye, akikusudia kusema hajambo, akajibu "Estoy bueno" mbele ya familia nzima. Jibu sahihi ni "Estoy bien". Ukitaka kusifu ukarimu wa mama mwenye nyumba aliyewapikia wageni, sema "es muy buena", na ukiulizia afya yake, "¿está bien?" Kwa watu wenye kujali heshima kama sisi, tofauti hii haitaki mzaha.

"Seguro" nayo inataka uangalifu, maana inagusa usalama wa watu. Mgeni akiwa ufukweni Nungwi akiuliza "¿Es seguro bañarse aquí?", anauliza kama ni salama kuogelea. Akikuuliza "¿Está seguro?", anakuuliza wewe kama una hakika. Mwongozaji anayejibu "Estoy seguro" kwa swali la kwanza amezungumzia hakika yake, na mgeni bado hajajua hali ya bahari. Jibu kamili lina vitenzi vyote viwili: "Estoy seguro de que es seguro."

Ninawasihi vijana wa Unguja na Pemba, mkipewa kanuni, ipimeni. Andikeni sentensi mbili mbili, sifa ile ile kwa "ser" na kwa "estar", kisha mbele ya kila moja wekeni Kiswahili chake kamili ambacho mama yenu angekielewa. Msiandike kwamba "listo" ni tayari au mwerevu. Andikeni "está listo, yuko tayari" na "es listo, ni mwerevu", kwani sifa peke yake bila kitenzi haijakamilika.

Limebaki jambo la mahali, na hapa "iko" yetu inatusaidia nusu njia tu. Jengo, mtu, meza na kisiwa vyote huchukua "estar": Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, "está en Forodhani", na tangu sehemu yake ilipoporomoka mwezi Disemba 2020 haijaacha kuwa "está", ingawa jengo halijawahi kuhama. Lakini shughuli, yaani jambo linalofanyika, huchukua "ser". Sisi tunasema harusi iko wapi kama tunavyosema nyumba iko wapi, Mhispania husema "¿Dónde es la boda?" na "¿Dónde está la casa?" Ikiwa katika Kiswahili unaweza kubadilisha "iko" ukasema "inafanyika", chagua "ser". Kwa hiyo ninapowatangazia wageni chakula cha usiku huwaambia: "La cena es a las ocho y es en el hotel; las mesas están en el jardín", yaani chakula ni saa mbili usiku na kinafanyika hotelini, meza ziko bustanini.