Mlima huzuia mvua, au huikinga?

SWALI: Katika kitabu cha jiografia ninachokihariri, mwandishi ameandika kwamba “majangwa ya kivuli cha mvua hutokea kwa sababu mlima huzuia mvua isipite.” Je, neno “kivuli” linafaa kwa mahali penye jua kali namna hiyo? Na upande ule mkavu wa mlima tuuiteje?

JIBU: “Kivuli cha mvua” ni istilahi inayofaa, nami ningeiacha ilivyo, kwa sababu kivuli si giza tu bali pia ni mahali ambapo kitu hakifiki kwa kuwa kingine kimesimama katikati. Kinachohitaji kalamu yako nyekundu ni kitenzi “huzuia”, kwani kinamfanya msomaji aone mvua iliyokwisha kuwa mvua ikigonga ukuta na kurudi. Mambo hayaendi hivyo. Hewa yenyewe huvuka mlima. Isiyovuka ni sehemu ya maji iliyoyabeba, na tena hewa hiyo ikishafika upande wa pili hubadilika tabia kwa namna ambayo sentensi ya mwandishi haiigusi kabisa.

Chukua hewa iliyo usawa wa bahari ikiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa kadiri, ikasukumwa na upepo dhidi ya safu ya milima yenye kimo cha meta 3,000. Haina njia ila kupanda, na kila inapopanda hukuta kanieneo ndogo, hutanuka, na kwa kule kutanuka hupoa. Kabla wingu halijafanyika hupoa kwa takriban nyuzi 10 kwa kila meta 1,000, kwa hiyo ikifika meta 1,000 imebaki na nyuzi 10, na tuseme hapo ndipo mvuke wake unapoanza kugeuka matone. Kuanzia hapo hewa haipoi kwa kasi ileile, maana mvuke unapogeuka maji hutoa joto lililokuwa limejificha ndani yake, na joto hilo hupunguza upoaji hadi kufikia kama nyuzi 6 kwa kila meta 1,000. Meta 2,000 zilizobaki zitaipunguzia nyuzi 12, na kileleni itakuwa nyuzi 2 chini ya sifuri. Njiani maji mengi yamekwisha kudondoka kama mvua na theluji: kila kilo ya hewa iliyoanza safari na gramu kama 8 au 9 za mvuke imebaki na takriban 5.

Sasa hewa inashuka upande wa pili, na hapa ndipo jangwa linapotengenezwa. Ikishuka hubanwa, ikibanwa hupata joto, na kwa kuwa wingu limekwisha kuyeyuka hakuna tena cha kupunguza kasi hiyo, hivyo huongezeka nyuzi 10 kwa kila meta 1,000 tangu kileleni hadi chini. Ikifika usawa wa bahari itakuwa na nyuzi 28, yaani nyuzi 8 zaidi ya ilivyokuwa ilipoanza, ingawa hakuna jua lililoipasha. Unyevu wake wa kulinganisha, yaani mvuke uliomo ukipimwa na ule ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuubeba, mwanzoni ulikuwa karibu asilimia 60, na sasa ni kama asilimia 20. Hewa ya namna hiyo hainyeshi; badala yake huchukua unyevu wa udongo na wa majani. Mtu akisimama bondeni upande huo huweza kuona ukingo wa mawingu umelala juu ya safu ya milima kana kwamba haujongei, ilhali upepo unapita ndani yake kwa kasi: matone huzaliwa upande wa kupandia na kutoweka mara tu hewa inapoanza kuteremka.

Kwa sababu hiyo ningependekeza kitenzi “kukinga”. Mtu hukinga uso dhidi ya jua, lakini pia hukinga maji ya mvua kwa ndoo, na mlima hufanya yote mawili: huuhifadhi upande mmoja usinyeshewe, na huyapokea maji yenyewe upande wa pili. Sentensi inaweza kusomeka hivi: “Safu ya milima huikinga mvua upande unaopigwa na upepo, na hewa inayoteremka upande wa pili hupata joto na kukauka.” Sehemu ya pili usiiache, maana bila hiyo msomaji hawezi kueleza kwa nini mawingu yanayofika hadi kileleni hayamalizii mvua yake bondeni.

Kuhusu jina la upande mkavu, mabaharia walikwisha kutupatia: upande upepo unakotoka ni wa joshi, na ule unaokingwa ni wa demani. Mhariri atalazimika kueleza maneno hayo mara moja, hasa kwa kuwa demani ni jina la majira pia, lakini baada ya hapo yatamtumikia vizuri kuliko “upande wa mashariki”, ambao wengi huutumia kana kwamba ni visawe. Upande wa demani huamuliwa na upepo, wala si na dira.

Bonde la Mauti huko Kalifonia linaonyesha jambo hili vizuri. Dhoruba zake nyingi za majira ya baridi hutoka Bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi, na kabla hazijafika hukuta safu moja baada ya nyingine, ikiwemo Sierra Nevada yenye kilele cha meta 4,421, na ya mwisho Panamint, ambayo kilele chake cha meta 3,366 kinalitazama bonde moja kwa moja. Kila safu hukinga sehemu yake. Chini, sakafu ya chumvi ya Badwater iko meta 86 chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa hushuka na kubanwa hata kupita kiwango ilichoanzia. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 55 tu.

Hata hivyo, tarehe 20 Agosti 2023 mabaki ya dhoruba iliyoitwa Hilary yalilifikia bonde hilo kutoka kusini, na kiasi hichohicho cha mvua ya mwaka kikanyesha kwa siku moja, maji yakatuama juu ya chumvi ya Badwater yakawa ziwa. Milima ilikuwa palepale. Upepo ndio uliobadili njia, na safu zinazoelekea kaskazini na kusini hazikuwa tena zimelikalia bonde mbele. Basi mwandishi wako aandike kwamba mvua “kwa kawaida” haifiki, na aeleze kwa upepo upi.

Mwisho, angalia asije akaliita kila jangwa lililo karibu na milima jangwa la kivuli cha mvua. Nyika kavu ya Patagonia, mashariki ya Andes, inastahili jina hilo, kwani pepo za huko hutoka magharibi na mvua humwagika upande wa Chile. Atakama liko magharibi ya Andes hizohizo, na ukavu wake hutokana pia na mkondo baridi wa bahari pamoja na hewa inayozama kutoka juu; milima huzuia unyevu wa mashariki, lakini haitoshi kuwa maelezo peke yake. Sahara nayo ni kavu hasa kwa hewa inayozama katika latitudo zake, kwa hiyo kama imo katika orodha yake, iondoe.