Kila kosa lina anwani yake: kutafuta nukta ya kufikia ukianzia Mombasa

Mara ya kwanza programu yangu kuchora meli kwenye skrini, meli ilitokea nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji, katikati ya Niassa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa serahangi, ambaye huja ofisini kwetu kutuuliza habari za meli na kunywa kahawa, aliinama, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ina magurudumu?"

Nawaandikia nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa: mnapewa mahali pa kuanzia, uelekeo na umbali, mnaambiwa mtoe mahali pa kufikia. Ofisi za hapa Mombasa huhitaji hesabu hiyo kila siku, kwa sababu meli hukaa saa nyingi bila kutuma ishara, na mteja anataka kujua ilipo sasa hivi. Fomula yenyewe ni mistari miwili. Makosa ndiyo yanayohitaji kufundishwa.

Tuanze na meli yenyewe. Imeondoka Mombasa, latitudo digrii 4.05 kusini, longitudo digrii 39.67 mashariki. Inakwenda maili 13.5 za baharini kwa saa, uelekeo digrii 60, na imepita saa 40. Hizo ni maili 540, na kwa kuwa maili ya baharini ni mita 1852, tumepata kilomita 1000 na kichele cha mita 80 tunachokitupa. Uelekeo hupimwa kutoka kaskazini ya kweli kuzunguka kwa kufuata mshale wa saa: mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270.

Sasa chukua dafu. Weka alama juu kabisa, hiyo ni Ncha ya Kaskazini. Weka nyingine pale meli ilipoanzia na ya tatu pale inapofikia, kisha ziunganishe. Umepata pembetatu iliyolala juu ya tufe. Upande mmoja unaujua, nao ni kutoka nchani hadi Mombasa. Upande wa pili unaujua pia, ni safari yenyewe, isipokuwa unaupima kwa pembe: kilomita 1000 ugawanye kwa nusukipenyo cha dunia, kilomita 6371, unapata radiani 0.157, yaani karibu digrii 9. Pembe iliyo kati ya pande hizo mbili, pale Mombasa, ndiyo uelekeo wako wa digrii 60. Pande mbili na pembe iliyo kati yake zinatosha kuimaliza pembetatu. Upande wa tatu unakupa latitudo mpya, na pembe iliyoko nchani ndiyo tofauti ya longitudo.

```python
from math import radians, degrees, sin, cos, asin, atan2

def fikia(lat, lon, uelekeo, km, R=6371.0):
    p, l, t = radians(lat), radians(lon), radians(uelekeo)
    d = km / R
    p2 = asin(sin(p)*cos(d) + cos(p)*sin(d)*cos(t))
    l2 = l + atan2(sin(t)*sin(d)*cos(p),
                   cos(d) - sin(p)*sin(p2))
    return degrees(p2), (degrees(l2) + 540) % 360 - 180

print(fikia(-4.05, 39.67, 60, 1000))
```

Jibu ni latitudo 0.470 na longitudo 47.451. Meli imevuka ikweta, iko baharini, kama kilomita 290 kusini-mashariki ya Mogadishu. (Ile 540 na 360 mwishoni huirudisha longitudo kati ya −180 na 180. Msafara wa Mombasa hautaihitaji, wa Pasifiki utaihitaji, basi iacheni ikae.)

Hiyo ndiyo anwani sahihi. Ishikeni kichwani, kwa sababu ukiwa na meli hii moja unaweza kulitambua kosa kwa kuangalia tu meli imetua wapi.

Ikitua Niassa, kama yangu, umesahau kuugeuza uelekeo kuwa radiani. Kompyuta imesoma 60 kama radiani 60. Ukizungusha radiani 60 na kuondoa mizunguko mizima unabaki na digrii karibu 198, kwa hiyo meli iliyotakiwa kwenda kaskazini-mashariki imeelekea kusini na kupindia magharibi kidogo. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea. Saini ya 60 ipo, kosaini ya 60 ipo, kompyuta imeridhika.

Ikitua nyikani karibu na mji wa Laascaanood, katika Pembe ya Afrika, umesahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Hili ni kosa letu sisi tulio kusini ya ikweta. Mifano mingi ya vitabuni huanzia Ulaya, ambako latitudo haina alama, basi mtu anaandika 4.05 kama alivyoisoma kwenye karatasi na kuisahau ile "kusini" iliyoandikwa pembeni. Meli inaanza safari kusini mwa Ethiopia, kilomita kama 90 kutoka Moyale, na haiyaoni maji hata kidogo.

Ikitua kwenye kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, uliza kama hesabu ilifanywa kwenye Excel. Katika Python na lugha nyingi, `atan2` hupokea y kwanza kisha x. Excel inataka x kwanza. Ukinakili fomula bila kubadilisha mpangilio, tofauti ya longitudo inatoka digrii 82.2 badala ya 7.8. Latitudo inabaki sahihi kabisa, na hapo ndipo wengi hupotea, maana wanaona nusu ya jibu imekubali wanaanza kuitilia shaka data ya meli.

Makosa hayo matatu sina ugomvi nayo, maana yanapiga kelele. Lililonitesa mimi ni lile lililonyamaza.

Nilipokuwa na haraka niliandika programu ya dunia bapa. Niligeuza kilomita kuwa digrii, nikazidisha kwa kosaini ya uelekeo kupata latitudo, nikazidisha kwa saini kupata longitudo, basi. Ijaribuni kwa meli yetu. Digrii 8.993 mara 0.5 ni 4.497, kwa hiyo latitudo ni 0.447. Digrii 8.993 mara 0.866 ni 7.788, kwa hiyo longitudo ni 47.458. Linganisheni na jibu la kweli: tumekosea chini ya kilomita 3 katika safari ya kilomita 1000. Kwenye ramani ya ofisini nukta mbili hizo zinakuwa nukta moja. Nilikaa na programu ile zaidi ya mwaka, meli za Ushelisheli, za Dar, za Mogadishu, zote zikaja pale nilipozitarajia, na mimi nikajiona fundi.

Sababu ni kwamba Mombasa iko karibu mno na ikweta. Digrii moja ya longitudo hufupika kwa kosaini ya latitudo, na kosaini ya digrii 4.05 ni 0.9975. Ni upungufu wa robo ya asilimia, hakuna anayeuona. Mji wetu unakusitiri.

Kisha ofisi ikapata mteja mwenye meli Atlantiki. Chukueni meli iliyo nje kidogo ya Cornwall, latitudo 50 kaskazini, longitudo 6 magharibi, ikielekea magharibi kamili, 270, kwa kilomita zile zile 1000. Programu bapa inasema 50.000 na −14.993. Fomula ya tufe inasema 49.168 na −19.832. Zimeachana zaidi ya kilomita 350. Mteja alipiga simu kabla sijamaliza chai.

Tazameni latitudo katika jibu la pili. Meli imeelekezwa magharibi kamili lakini imeshuka kusini kama kilomita 92.5. Si kosa. Uelekeo uliotoa ni wa kuanzia tu. Njia iliyonyooka juu ya tufe hubadilisha uelekeo kila hatua, na mwisho wa safari ile meli inaelekea digrii 259.4. Kwa sababu hiyo pia hamwezi kurudi kwa kuongeza au kutoa 180 kwenye uelekeo wa kuanzia. Kurudi kutoka kule kunataka uelekeo wa 79.4, na ukitumia 90 utaikosa Cornwall kwa kilomita kama 180. Kwetu, meli ya Mombasa inarudi kwa 239.76, na ukitumia 240 unakosea kama kilomita 4, hujui hata kama umekosea.

Kwa hiyo jaribio ninalompa kila mgeni ni hili: chukua programu, iweke latitudo 50, itume magharibi au mashariki kamili. Latitudo isipotikisika, programu ni bapa, hata kama ina jina zuri. Usiijaribu kwa kuanzia Mombasa. Hapa, safari ya mashariki kamili ya kilomita 1000 huipeleka latitudo kutoka −4.05 hadi −4.00 tu.

Mzee wa kahawa alinibishia jambo moja, na ana haki. Nahodha anayeshika usukani kwenye digrii 60 saa zote 40 hapiti njia hii ya fomula, maana yeye haubadilishi uelekeo. Ataishia kama kilomita 3 mbali na nukta yetu. Kwa kipande kifupi karibu na ikweta tunaachilia. Kwa Atlantiki, muulizeni kwanza mteja kama meli inashika uelekeo mmoja au inaurekebisha njiani, kwa sababu hizo ni hesabu mbili tofauti.

Na tufe lenyewe lina mipaka. Dunia imebonyea: nusukipenyo cha ikweta ni kilomita 6378.137, cha nchani 6356.752. Hapa kwetu kosa hilo linaonekana zaidi ukienda kaskazini au kusini. Digrii moja ya latitudo karibu na ikweta ni kilomita 110.6 hivi, ilhali tufe la 6371 linadai 111.2. Meli ikienda kaskazini kilomita 1000 kutoka latitudo yetu, fomula itaiacha nyuma kama kilomita 5 na nusu. Kwa kumwambia mteja "iko hapa hivi" inatosha. Kwa mpaka wa eneo la uvuvi haitoshi. Hapo tumieni maktaba ya Python iitwayo `pyproj`, `Geod(ellps="WGS84").fwd(lon, lat, uelekeo, mita)`, na mwangalie vizuri: longitudo inaingia kwanza, na umbali ni mita. Mkibadilisha nafasi za longitudo na latitudo, meli ya Mombasa itaanzia katikati ya Uhispania, karibu na mji wa Toledo.