C25/30 si uwiano: kutafsiri BOQ bila kuharibu mkataba

Swali: Nimepewa nitafsiri BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo ambayo wakandarasi hujazia bei, na maelezo ya kiufundi ya jengo la ghorofa. Mafundi hawaelewi C25/30, kwa hiyo nafikiria kuwaandikia moja kwa moja uwiano 1:1½:3 wa saruji, mchanga na kokoto. Vizio kama CM, SM na No. nimeambiwa nivitoe kwenye kamusi. Je, niko sawa?

Jibu: Iache C25/30 ilivyo, na mkwaju wake. Kila mara nakutana na tafsiri zilizogeuza daraja la zege kuwa uwiano ili kumsaidia fundi, na ugomvi huzuka siku vipande vya majaribio vinapovunjwa maabara.

Daraja linasema zege lifikie nguvu gani likitimiza siku 28: nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba likipimwa kwa silinda, 30 likipimwa kwa mchemraba. Namna ya kufika hapo ni kazi ya mkandarasi, na yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba amefika. Ukimwandikia 1:1½:3, umemtua mzigo huo. Atapima ndoo zake kwa uaminifu, mchemraba utatoa 22, naye atakuonyesha karatasi yako: nimefanya kilichoandikwa. Atakuwa na hoja. Uwiano hausemi maji kiasi gani, na mchanga wenye unyevunyevu huvimba, hivyo ndoo ileile hubeba mchanga pungufu kuliko ukiwa mkavu. Tena uwiano huohuo hauna daraja moja duniani: katika utaratibu wa India 1:1½:3 ni M20, kwingine huhesabiwa kuwa daraja la 25.

Kuikata /30 nako ni kosa. Kwenye nyaraka za zamani za mtindo wa Kiingereza, C25 ni 25 ya mchemraba. Ukifuta tarakimu hizo mbili, kwa msomaji aliyezoea nyaraka hizo utakuwa umeshusha nguvu kwa nyutoni 5 bila mhandisi kujua.

Tazama mstari mmoja niliouona umetafsiriwa hivi: “Zege imara la kutetemeka C25, pamoja na nondo, katika mihimili ya msingi: sentimita 18.” Ulipaswa kusomeka: “Zege la kuwekwa nondo, daraja C25/30, kokoto zisizozidi mm 20, lishindiliwe kwa vaibreta, katika mihimili ya msingi: m³ 18.”

Linaloniudhi zaidi hapo ni “pamoja na nondo”. Katika BOQ ya kawaida nondo hupimwa kwa kilo kwenye mistari yake, na mbao za kumwagia zege kwa mita za mraba kwenye mistari yake. Mstari wa zege hutaja nondo ili mkandarasi ajue zege litamwagwa na kushindiliwa katikati ya vyuma. Akisoma “pamoja na”, ataingiza bei ya nondo humo, kisha aiweke tena kwenye kilo, na mwenye jengo alipe mara mbili. Au ataacha mistari ya kilo bila bei, na nondo zikiongezeka hakuna bei ya kulipia nyongeza.

Sasa CM. Kamusi itakupa sentimita, ilhali kwenye safu ya vizio CM ni mita za ujazo, SM mita za mraba, na No. ni idadi (nimeshaiona imeandikwa “hapana” mbele ya milango). Ukiwa na shaka fungua michoro. Mihimili ile ina upana wa mm 300, kina mm 600 na urefu wa jumla m 100: 0.3 × 0.6 × 100 = 18. Hizo ni mita za ujazo.

Mafundi wasaidie kwa faharasa mwanzoni mwa waraka, ukieleza hapo C25/30 maana yake nini. Uwiano wa ndoo, kama unahitajika, utoke kwa mhandisi baada ya mchanganyiko wa majaribio, kwenye karatasi yake ya saiti yenye sahihi yake.

Na wanaojitangaza kutafsiri BOQ nzima kwa usiku mmoja, bila kuomba michoro wala kumuuliza mkadiriaji majenzi swali lolote, waepukeni. Wakandarasi watano wakijaza bei kwenye waraka wa namna hiyo, kila mmoja anakuwa amekadiria jengo lake, na zabuni zao hazilinganishiki. Mnaopokea kazi yao, anzeni kukagua kwenye saruji. Palipoandikwa 42.5N, hiyo ni nguvu ya saruji ikipimwa siku ya 28. Mkikuta “mfuko wa kilo 42.5”, rudisheni waraka wote, maana aliyeandika hivyo alikuwa anakisia hata kwenye mistari ambayo ninyi hamwezi kuikagua.