Kabla hujakubali kubadilishiwa spika ya simu

Juzi nimepata meseji ya kaka mmoja anayechomelea mageti na madirisha hapa kwetu Tanga. Kaandika: "Fundi, ile spika bado inapiga safi. Nimemwonesha hata yule aliyetaka kunibadilishia mara ya pili." Nikaisoma, nikairudia, halafu nikampa mke wangu naye aisome. Mnaonifuatilia hapa mnajua kwamba kazi hii ya kusafisha spika iliwahi kuniletea maneno, kwa hiyo leo mnivumilie nijisifu kidogo. Baada ya hapo tutafundishana.

Simu yake ni Samsung, na ilikuja na lalamiko ambalo kila fundi simu analijua. Akipokea simu na kuweka laudi, sauti inakoroma. Akicheza singeli, besi ikigonga tu, spika inachachatika kama karatasi ya nailoni. Fundi wa kwanza alikuwa ameshambadilishia spika. Ikapiga vizuri kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi ule ule, na akaambiwa kwamba spika ile nayo imekufa, alete hela ya nyingine. Hapo ndipo aliposhtuka akaja kwangu.

Mteja akiniambia "spika mbovu", simfungulii simu. Namuuliza kwanza: imeziba au inakwaruza? Watu wengi wanayachanganya haya mawili, na mafundi wengine wanapenda yachanganywe. Sauti iliyoziba inasikika ndogo, nzito, kama msemaji kajifunika shuka, lakini ni safi. Hiyo mara nyingi ni njia ya kutokea sauti iliyojaa uchafu au maji, na spika yenyewe nyuma yake ni nzima. Sauti inayokwaruza ni kubwa vya kutosha ila ina mkoromo ndani yake. Hapo kuna kitu kinagusa utando wa spika unapotikisika, au utando umechanika, au umeme unaofika kwenye spika unakatikakatika.

Ukitaka kujua sauti iliyoziba ikoje, chukua simu nzima, cheza wimbo, kisha weka kidole juu ya vitundu vya spika. Ukishaisikia hutaisahau.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni voisi ya WhatsApp. Icheze kwa spika ya chini, kisha icheze tena huku simu umeiweka sikioni; sauti itahamia spika ya juu. Ikikwaruza kote kuwili, mashaka yahamie kwenye ile voisi yenyewe, jaribu nyingine. Ikikwaruza chini tu, tatizo liko chini. Cha pili, linganisha simu ya kupiga na muziki. Kama muziki uko safi lakini mazungumzo yanachachatika, usiguse spika, huo ni mtandao au ni simu ya mwenzako. Na kumbuka kwamba simu ya kawaida, ile isiyopita kwenye VoLTE, yaani upigaji unaopita kwenye mtandao wa 4G, hubeba sauti kuanzia takriban Hz 300 hadi 3400 tu. Lazima itasikika nyembamba kuliko wimbo. Nimeletewa simu nzima kabisa kwa sababu hiyo.

Kwenye Samsung nyingi kuna njia ya mkato. Fungua sehemu ya kupigia namba, andika hivi:

```
*#0*#
```

Itafunguka menyu ya majaribio. Bonyeza Receiver usikie spika ya sikioni, kisha Speaker usikie ya chini. Kwa kaka yetu wa mageti, Receiver ilikuwa safi na Speaker ikakoroma. Nikapunguza sauti hadi nusu nikacheza wimbo wenye besi. Mkoromo ukapungua lakini haukuisha, na ulitokea pale pale besi ilipogonga. Hiyo ni dalili kubwa. Sauti nzito ndiyo inayousukuma utando mbali zaidi, kwa hiyo kama kuna punje imekaa karibu nao, besi ndiyo itakayoifikia. Maneno ya mtu mwenye sauti nyembamba yanaweza kupita salama usigundue kitu.

Kisha nikabonyeza mgongo wa simu kwa kidole gumba, usawa wa spika, huku inapiga. Hakuna kilichobadilika. Kingebadilika, ningeshuku miguso, vile vidole vidogo vya shaba vinavyoiunganisha spika na bodi ya chini. Vikipata kutu au vikilala, sauti inakatika na kurudi ukibonyeza, na dawa yake ni kuvisafisha na kuviinua. Hata hapo spika hainunuliwi.

Nikamuuliza anaiweka wapi simu akiwa kazini. "Mfuko wa shati, fundi. Au juu ya meza, karibu na grenda." Basi, nikajua kabla sijashika bisibisi.

Spika ya simu ina sumaku ndani yake, ndogo lakini kali. Grenda inapokata chuma inamwaga vumbi la chuma laini kabisa, na vumbi hilo likipita jirani na sumaku halidondoki, linavutwa. Nilipomulika vitundu vya chini kwa tochi nikitumia lenzi, nikaziona punje zimesimama juu ya wavu kama ndevu, zote zimeelekea ndani. Nilipofungua, nyingine zilikuwa zimeshapenya na kutulia pembeni mwa utando. Ndiyo maana spika mpya ilipona kwa muda tu. Fundi aliweka sumaku mpya kwenye mfuko ule ule, mbele ya grenda ile ile.

Vumbi la chuma ukilipiga mswaki utajichosha bure. Linasogea kidogo, sumaku inalirudisha, na mbaya zaidi unaweza kulisukumia ndani. Linatolewa kwa gundi. Natumia ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi: nakata kipande, nakikunja upande wa gundi uwe nje, nakigusisha kwenye wavu na kukiinua wima. Sisugui. Kipande kikishakuwa cheusi natupa, nachukua kingine, naendelea hadi kitoke cheupe. Kwa punje zilizoingia ndani nilitoa kasha la spika nikafanya hivyo hivyo kwa ncha ya tepu, taratibu, bila kuukandamiza utando, maana ukibonyea ndio basi. Nikarudisha, nikacheza singeli. Kaka akacheka mwenyewe.

Nimesema kazi hii iliwahi kuniletea maneno. Kuna mama mmoja alileta simu yenye sauti iliyoziba. Anauza unga sokoni, na wavu wa spika ulikuwa umegeuka kitumbua. Nikausafisha mbele yake, sauti ikafunguka, nikamtoza elfu tatu. Jioni nikasikia kwamba anawaambia watu kwenye kikundi chao nimemtoza hela ya kupiga mswaki. Nikaitwa tapeli. Angekwenda kwa mtu wa kumbadilishia spika angelipa mara kadhaa ya hiyo na angeondoka akishukuru. Imenikaa rohoni mpaka leo, na ndugu zangu mafundi mnaosoma hapa mnajua ninachosema: mteja anaheshimu kipuri, haheshimu macho yaliyoona kwamba kipuri hakihitajiki.

Sasa mswaki wenyewe ule, kwa kuwa mnausema, ufanyeni nyumbani bure. Zima simu, toa kava. Kava nalo lichunguze, kuna makava yenye vitundu visivyolingana na spika, na kwa spika ya juu kuna protekta zinazofunika nusu ya wavu. Chukua mswaki mpya, laini, mkavu kabisa. Shika simu vitundu vikiangalia chini ili uchafu udondoke, usirudi ndani. Piga mswaki kukatisha vitundu, sio kuchoma kuelekea ndani. Kama ni spika ya sikioni yenye mafuta ya uso na poda, lowesha ncha za mswaki kidogo sana kwa spiriti, isidondoke tone, pitisha, acha ikauke. Petroli na thina ziacheni. Zinakula gundi inayoshika wavu, na wavu ukiachia, uchafu wote wa mjini unaingia.

Sindano? Jamani, sindano! Nyuma ya wavu kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na spika nyingi ninazozizika zimekufa kwa sindano. Zaidi ya hapo, tundu lile dogo la pekee yake huko chini mara nyingi ni la maiki. Ukilichoma, unapoteza maiki kwa kutafuta spika. Kwenye simu zenye safu mbili za vitundu chini, moja ya kushoto na moja ya kulia ya sehemu ya chaji, mara nyingi upande mmoja tu ndio unaotoa sauti. Watu wanakuja wakilalamika upande mmoja umekufa, kumbe haujawahi kupiga tangu kiwandani.

Maji nayo yana tabia yake. Simu ikinyeshewa, tone linanasa kwenye wavu na sauti inaziba papo hapo. Ishike vitundu vikiwa chini, igonge taratibu kwenye kiganja, ipanguse, iache penye upepo au mbele ya feni bila kuichaji. Ile milio mizito ya kutoa maji, ya chini ya Hz 200, inasaidia kweli kurusha tone lililonasa kwenye wavu, lakini maji yaliyoingia ndani ya bodi haiyafikii. Mchele usitumie, hata Apple wanaukataza, maana chembe zake zinaingia kwenye vitundu. Draya ya nywele nayo hapana, joto linalegeza gundi. Kama ni maji tu, sauti inarudi yenyewe kadiri inavyokauka, na inaweza kuchukua hadi siku nzima. Ikiwa ni maji ya bahari, na sisi wa pwani hayatupiti mbali, usisubiri ikauke. Chumvi inabaki na kuanza kula shaba. Izime, ipeleke ifunguliwe na kusafishwa siku hiyo hiyo. Simu iliyoziba jana na leo imeanza kukwaruza, ujue chumvi au kutu imefika kwenye miguso au kwenye koili, ule waya mwembamba uliozungushwa unaoutikisa utando.

Zipo zinazokufa kweli. Ukisafisha wavu, miguso ikawa sawa, na besi bado inakoroma hata kwa sauti ya chini, utando umechanika au koili imeachia. Hizo programu za kuongeza sauti kupita asilimia mia ndizo zinazoongoza kuzileta mezani kwangu. Hapo badilisha. Lakini omba uoneshwe spika ya zamani. Utando uliochanika unaonekana kwa macho, na wavu mchafu pia unaonekana. Kabla hujalipa, simama pale pale mezani: cheza wimbo wenye besi sauti ikiwa juu, kisha mpigie mtu ukiwa umeweka laudi, muulize na yeye kama anakusikia vizuri. Spika na maiki mara nyingi zinakaa jirani huko chini, na maiki inaweza kuumizwa wakati spika inatolewa. Ukigundua nyumbani, fundi atakuambia ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Yule kaka sasa simu anaiacha kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, upande wa pili wa karakana, na anajipitishia tepu mwenyewe. Bado ananiletea chaja zake zinazokatika. Hizo tutaziongelea siku nyingine.