Klipu ya viapo ilipogoma kufunguka

Betri ya kamera ilizima katikati ya viapo. Mpiga video wetu aliweka nyingine haraka akaendelea na harusi, na jioni alipofika studio alinikabidhi kadi akiwa amenyong'onyea. "Mdogo wangu, klipu zote zinacheza isipokuwa zile mbili za pale mbele. Kompyuta yangu imeniuliza kama nataka kufomati."

"Ukajibu nini, kaka?"

"Nikachomoa."

Kuchomoa kwake ndiko kulikotuokoa. Nawe ukipata kadi ya namna hiyo, usikubali kufomati, na usiirudishe kwenye kamera hata kwa kuangalia tu, kwa sababu kamera inaweza kuandika kitu juu ya picha unazozitafuta. Sukuma kile kiswichi cha pembeni mwa kadi upande wa kufunga, kisha nakili kadi yote kama ilivyo, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Kwenye Linux natumia hii:

```
ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map
```

Hiyo `sdb` ni kadi kwenye mashine yangu. Kwako inaweza kuwa na jina jingine, kwa hiyo hakikisha kwanza kwa `lsblk`. Baada ya hapo kadi niliiweka kwenye bahasha, kazi yote ikafanyika kwenye nakala.

Kisha nikatazama ukubwa wa mafaili. La viapo lilikuwa na gigabaiti zaidi ya tatu, na hapo nikapata matumaini: faili tupu haliwi zito hivyo. La pili lilionyesha sifuri. Nililijaribu lile kubwa kwa `ffmpeg -i viapo.MP4`, likajibu `moov atom not found`.

Maneno hayo yanaeleza ugonjwa wenyewe. Kamera inaporekodi MP4, humimina picha na sauti kwenye sehemu iitwayo `mdat`. Ukibonyeza kusimamisha, ndipo kwa kawaida inaandika `moov`, yaani faharasa inayosema kila fremu inaanzia wapi, ina ukubwa gani na inatakiwa ionekane saa ngapi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zipo ila hakuna programu inayojua pa kuanzia. Ndiyo maana kubadilisha jina la faili au kujaribu vichezeo vingine hakusaidii.

Dawa ni kuijenga upya hiyo faharasa kwa kuiga faili zima, na programu ya bure ya kazi hiyo ni untrunc. Faili zima linatangulia, bovu linafuata:

```
untrunc nzima.MP4 viapo.MP4
```

Kuchagua hilo faili zima ndiko kunakoamua kila kitu. Litoke kwenye kamera ileile, ukubwa wa picha uleule, idadi ya fremu kwa sekunde ileile, na mpangilio uleule wa sauti. Siku ile kulikuwa na klipu nzuri za mwendo wa polepole, nikazipita zote, maana zilirekodiwa kwa fremu 100 na viapo vilikuwa 25. Ukichanganya, unaweza kupata picha ya kijani iliyokatikakatika, au programu ikakwama mwanzoni kabisa. Nilichukua klipu ya maharusi wakiingia ukumbini. Kama huna yoyote inayolingana, rekodi mpya ya dakika moja au mbili kwa mipangilio ileile, lakini kwenye kadi nyingine.

Viapo vilifunguka. Picha ilikuwa safi, ila midomo ilitangulia sauti. Hapa usikimbilie kusogeza sauti yote. Pima mwanzoni, kisha pima mwishoni. Pengo likiwa lilelile, sogeza mara moja, basi. Langu lilikuwa linakua kidogo kidogo, kwa hiyo nilichukua sauti ya kamera ya pili iliyokuwa nyuma ya waalikwa, nikaikata kwenye vituo vya pumzi na kulinganisha kila kipande na midomo. Kazi hiyo inachosha, lakini bibi harusi akisema "nakubali" kabla mdomo haujafunguka, mama yake ataona papo hapo.

Lile faili la sifuri nililitafuta kwa PhotoRec ndani ya `kadi.img`. Nikapata kipande, bila faharasa nacho, untrunc ikatoa sekunde chache tu za kuvishana pete. Kadi ikiwa imefutwafutwa na kurekodiwa mara nyingi, vipande vya faili moja hutawanyika, na PhotoRec haina namna nzuri ya kuviunganisha. Sehemu iliyobaki nilitumia kamera ya nyuma na picha mbili za mnato za pete.

Maharusi niliwaambia kabla hawajaiona: pete zimepigwa kwa mbali, na sababu ni hii. Ile `kadi.img` niliifuta walipokwisha kuipokea filamu na kuikubali.